Chek valvu ya swingi au ya springi kwenye bomba la kupandisha maji?

Swali: Fundi habari za kazi, pampu yangu inapandisha maji kwenye tenki kama mita 20 juu, bomba inchi moja na nusu la chuma, chek valvu nimefunga ya swingi pale bomba linapopanda. Kila pampu ikizima inapiga kishindo nyumba nzima inashtuka. Nimeifunga vibaya au niweke ya springi?

Jibu: Salama mkuu. Kama maji yanafika tenki basi mshale wa kwenye valvu umeuelekeza sawa, ungegeuza yasingepanda kabisa. Na ya swingi kwenye bomba linalopanda inaruhusiwa, hata kwenye lililolala inaruhusiwa ila kofia itazame juu ili kale kamlango kaning'inie kwenye pini yake. Kwenye bomba ambalo maji yanashuka ndo usithubutu, kamlango kanabaki wazi kwa uzito wake.

Sasa kishindo kinatoka wapi, pampu ikikata maji yanaendelea kupanda kidogo, yanasimama, halafu yanaanza kurudi, na muda huo kamlango bado kako mbali na siti yake kwa hiyo kanakuja kufungwa na maji yenyewe yakiwa tayari yameshika spidi. Kwenye bomba la chuma, maji yanayorudi kwa nusu mita tu kwa sekunde yakizuiwa ghafla yanaongeza presha kama ba 6, na uzito wa maji ya mita 20 ni ba 2 tu, hebu fikiria viungio vyako vinapigwa hivyo kila siku!

Ya springi diski yake inatembea kidogo sana, na springi inaanza kuirudisha pale maji yanapopungua nguvu, yakija kutaka kurudi yanakuta mlango umeshafungwa. Kwa hiyo weka hiyo, kwa pampu ya kupandisha tenki mimi sioni sababu ya kuweka swingi. Inakaa mkao wowote mradi mshale ufuate maji, ila kwa bomba la kushuka springi iwe na nguvu ya kubeba maji yaliyo juu yake.

Ubaya wake inakula presha kidogo na haipendi uchafu. Chembe ya mchanga ikikaa kwenye siti, valvu inavuja na maji yanarudi, utaona feni ya mota inazunguka kinyume baada ya kuzima au utasikia maji yanapita ukitega sikio pale. Maji yenye takataka nyingi ndo swingi inayaweza zaidi.

Ukifunga, usiibandike kwenye mdomo wa pampu wala kwenye elbo, maji yanatoka pale yanavurugika na diski itakuwa inagongagonga mpaka ilike. Acha bomba lililonyooka kama sentimita 20 hivi, ndo ufunge chek valvu, halafu geti valvu juu yake, ili siku ya kuisafisha ufunge geti tu bila kumwaga maji yote ya bomba.