Neno "SI" liliponinyima cheti

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwamba amefeli mtihani wa usalama wa chakula kwa alama mbili, na anaapa majibu yote aliyajua. Namwamini, maana yalinikuta. Nilipofanya mtihani huo mara ya kwanza nilitoka chumbani kabla ya wote, nikiwacheka kimoyomoyo waliobaki wakikuna vichwa. Wao wakapata cheti, mimi nikaambiwa nirudie. Bado inaniuma.

Swali lililonimaliza ni hili:

Ipi SI njia salama ya kuyeyusha nyama iliyogandishwa?
A. Ndani ya friji
B. Chini ya maji baridi yanayotiririka
C. Juu ya meza usiku kucha
D. Kwenye maikrowevu, kisha kuipika papo hapo

Nilichagua A. Akili iliona kitu inachokijua, ikafurahi, mkono ukaandika. SI ilishasahaulika.

Siku hizi naifunika SI kwa kidole. Linabaki "njia salama", na kila jibu naliandikia K ya kweli au U ya uongo. A ni K. B ni K, kwa kuwa maji baridi hayaupi uso wa nyama joto la kuzalisha bakteria. C ni U: nje nyama inapata joto la chumba saa nyingi huku katikati bado barafu, na bakteria wa nje hawasubiri. D ilinisumbua, kwa sababu maikrowevu huanza kupasha moto kingo za nyama. Kinachoiokoa ni "papo hapo". Yafute maneno hayo mawili, nayo inakuwa U. Ukipata U mbili, basi rudi utafute sharti kama hilo uliloliruka. U iliyobaki peke yake ndiyo jibu.

Kuna maswali mabaya zaidi, yale ambayo hata majibu yana ukanushi:

Kuhusu sumu ya bakteria wa stafilokokasi, yote ni kweli ISIPOKUWA:
A. Haiharibiki kwa kupasha chakula moto
B. Bakteria wake hukaa puani na kwenye ngozi ya watu
C. Hutambulika kwa harufu mbaya ya chakula
D. Husababisha kutapika ndani ya saa chache

Wengi hukimbilia A, eti moto huua kila kitu, tena ile "ha-" ya mwanzo inafanana na jibu la kukanusha. Igeuze iwe sentensi ya kukubali: "Sumu hubaki hata chakula kikipashwa moto." Ni K kabisa, bakteria hufa, sumu waliyokwisha kuitoa inabaki. B na D ni K. C ni U, kwa kuwa chakula chenye sumu hiyo kinaweza kunukia vizuri tu.

Na ukihesabu U tatu na K moja kwenye swali lenye SI, usiandike jibu bado. Huenda kidole kiliteleza katikati, ukaanza kuhukumu majibu pamoja na SI yenyewe.