Kutoa uzito wa gunia tupu: mahindi yangu ni kilo ngapi hasa?

*Wakuu, nimepimiwa magunia 8 ya mahindi. Matano ni ya sandarusi, matatu ya katani. Mnunuzi kakata kilo moja kila gunia, na nusu kilo zote kazitupa, kaniandikia kilo 716. Mizani ilisoma 91.5, 88, 94.5 (katani), 89.5, 92 (katani), 90.5, 87.5 na 93.5 (katani). Mimi kila nikipiga hesabu napata jibu tofauti. Naomba msaada.*

Mkuu, nimekaa mezani na daftari la mizani misimu minne huku Ruvuma, na ugomvi huu nimeusuluhisha mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Kabla ya hesabu yenyewe, tuanze na hiyo kilo moja, maana ndiyo iliyokuumiza.

Kilo moja si uongo. Ilitoka kwenye gunia la katani au juti, ambalo likiwa tupu na kavu hucheza hapo hapo kwenye kilo moja, likizidi kidogo au kupungua kidogo. Zamani karibu kila kitu kilifungwa humo, kwa hiyo kukata kilo moja kulikuwa haki. Sandarusi (wengine mnaita salfeti) ni kitu kingine kabisa. La kubeba mahindi halifiki hata robo kilo. Mengi niliyopima yalikuwa gramu mia na kitu. Mnunuzi akilikatia kilo nzima, anaondoka na mahindi yako yaliyovaa jina la gunia.

Sasa utajuaje gunia lako lina uzito gani? Hapa wengi hukosea. Wanachukua sandarusi moja tupu, wanaiweka kwenye mizani ile ile ya magunia, inasoma sifuri, basi wanasema halina uzito. Mizani inayosoma kwa hatua ya nusu kilo haiwezi kuona gramu 130. Chukua matupu 10 ya aina moja, yakunje, yafunge kwa kamba nyepesi, uyapime pamoja kwenye mizani ndogo ya dukani, kisha ugawe kwa 10. Tuseme sandarusi 10 zimesoma kilo 1.3, basi moja ni 0.13. Katani 10 zikisoma kilo 10.5, moja ni 1.05. Nitatumia namba hizo hapa chini, ila wewe pima ya kwako. Na upime yale yale yaliyobeba mzigo, yaani baada ya kumwaga. Katani hunywa unyevu. Likilala nje usiku na umande likaamka zito, huwezi kulikatia uzito wa gunia lililoshinda juani.

Haya, daftari. Safu ya kwanza namba ya gunia na aina yake, ya pili uzito pamoja na gunia, ya tatu gunia tupu, ya nne mahindi peke yake:

```
1 sandarusi  91.5  0.13  91.37
2 sandarusi  88.0  0.13  87.87
3 katani     94.5  1.05  93.45
4 sandarusi  89.5  0.13  89.37
5 katani     92.0  1.05  90.95
6 sandarusi  90.5  0.13  90.37
7 sandarusi  87.5  0.13  87.37
8 katani     93.5  1.05  92.45
  jumla     727.0  3.80 723.20
```

Mahindi yako ni kilo 723.2. Sasa usiniamini, hakiki. Jumlisha safu ya pili peke yake, upate 727. Jumlisha ya tatu peke yake: sandarusi 5 mara 0.13 ni 0.65, katani 3 mara 1.05 ni 3.15, jumla 3.80. Toa: 727 kasoro 3.8 ni 723.2. Kisha jumlisha safu ya nne kutoka juu kwenda chini. Njia zote mbili lazima zifike mahali pamoja, hata kwenye desimali ya mwisho. Zisipofika, kuna mstari ulioandikwa vibaya, na hapo ndipo utashukuru kwamba ulitoa gunia moja moja badala ya kukata jumla mwishoni: unarudi mstari kwa mstari mpaka unalikuta kosa. Nadhani ndiyo maana ulikuwa unapata majibu tofauti. Ulikuwa ukitoa kwa kichwa huku unajumlisha.

Ukiwa na simu yenye jedwali, uzito uko B2 mpaka B9 na gunia tupu C2 mpaka C9, andika:

```
=SUM(B2:B9)-SUM(C2:C9)
```

Turudi kwenye hiyo 716. Ukikata kilo moja kila gunia, 727 inabaki 719. Ukilinganisha na 723.2, ziko pungufu kilo 4.2. Angalia zilikotoka: kila sandarusi imekatwa 0.87 zaidi ya uzito wake, mara 5 ni 4.35, katani tatu zimekupendelea 0.05 kila moja, yaani 0.15. Zile kilo 3 nyingine, kutoka 719 hadi 716, ni nusu kilo 6 alizotupa, moja kwenye kila gunia lililoishia na nusu. Mimi binafsi hii ya pili inaniudhi kuliko ya kwanza, kwa sababu haina hata kisingizio cha gunia. Mizani yenyewe inapokaribia nusu kilo, mara hupanda mara hushuka, na kwenye magunia mengi inajifidia. Mtu anayeshusha kila mara hajifidii. Desimali zibaki mpaka jumla ya mwisho. Mkikubaliana kukata vipande, kateni hapo, mara moja.

Jumla umepoteza kilo 7.2. Tuseme kilo ni shilingi 700, hiyo ni 5,040. Kwa magunia 8 mtu anaweza kunyamaza. Yangekuwa 80 ya mchanganyiko huo huo, ni 50,400.

Jambo moja ambalo hukuliuliza, ila mimi liliniaibisha. Msimu wangu wa kwanza tulitumia mizani ya umeme. Asubuhi niliweka katani tupu juu yake, nikabonyeza TARE, ikasoma sifuri, nikaendelea. Yaani mizani ilikuwa tayari inatoa gunia yenyewe. Mchana nikakaa na daftari nikatoa tena gunia kwenye kila mstari. Na baya zaidi, wakulima wawili katikati walileta mahindi kwenye sandarusi, nazo zikakatwa uzito wa katani na mashine, halafu zikakatwa tena na mimi. Aliyenigundua ni mama mmoja ambaye hakugusa kalamu. Aliniambia tu, "Mwanangu, mbona mizani yako haina kitu juu na inasoma chini ya sifuri?" Ilikuwa inasoma kasoro moja na kitu.

Kwa hiyo kabla gunia lako la kwanza halijapanda, tazama kioo jukwaa likiwa tupu. Kikisoma 0.0, mashine haijatoa gunia, mtatoa daftarini. Kikisoma namba yenye alama ya kutoa, imeshatoa, na safu ya tatu haihitajiki tena kwa aina hiyo ya gunia. Wewe mwenye mchanganyiko, mwambie mpimaji aisafishe mizani irudi sifuri, mpime yote pamoja na magunia, mtoe kwa mkono.

Kwa huyo mnunuzi, usiende na neno "umeniibia". Nenda na sandarusi 10 tupu na mizani ya dukani, ziwekwe mbele yake.