Beringi moja, majina manne: jinsi ninavyopanga namba na majina ya aitemu kwenye ERP

Kama unashika stoo ya spea za kiwanda, iwe Vingunguti, Ubungo au popote kando ya Barabara ya Nyerere, fungua orodha ya aitemu kwenye mfumo wako, andika 6204 tu, tafuta. Hii ni beringi ya kawaida mno, ipo kwenye mota na pampu kibao, kwa hiyo karibu kila stoo inayo. Mimi kazi yangu ni kuingiza na kusafisha data za stoo kwenye ERP, na kwenye stoo nyingi nilizopita, hiki ndo kitu kinachotokea:

```
BEARING 6204-2RS SKF
BRG 6204 2RSH
Beringi 6204DDU
6204LLU NTN PAMPU
```

Ukimwonyesha fundi atakwambia hizo zote ni beringi moja tu bana, tundu 20mm, kipenyo cha nje 47mm, upana 14mm, sili za mpira pande zote mbili. Tofauti ni kiwanda kilichotengeneza: SKF wanaandika 2RSH, NSK wanaandika DDU, NTN wanaandika LLU, FAG nao wana 2RSR yao. Kila aliyefungua aitemu aliangalia boksi lililokuwa mkononi akaandika alichokiona, na mfumo hauna ubishi, umepokea zote nne kama vitu vinne tofauti.

Sasa tuseme ya DDU ziko 12 shelfuni, ya 2RSH imeisha na kiwango chake cha chini umeweka 4. Mfumo unapiga kelele kwamba ya 2RSH imeisha, mtu wa manunuzi anatoa LPO ya pisi 10, dereva anatumwa madukani Gerezani, hela inatoka, na zile 12 zipo palepale zimelala. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea, ripoti ilikuwa sahihi kabisa kwa namba ile aliyoiangalia.

Watu wengi wakigundua hili wanakimbilia kutengeneza namba ya aitemu "yenye akili", yaani namba inayoeleza kila kitu, BRG-SKF-6204-2RS-STOO1-B03, ukiisoma unajua ni nini, ya nani, ipo shelfu gani. Mwanzoni inapendeza kweli. Halafu shelfu B03 inahamishwa, SKF inakosekana mnaleta NSK, stoo ya kwanza inageuzwa ofisi, na namba yako sasa inadanganya. Kuibadilisha nayo ni shughuli, mifumo mingi aitemu ikishapokelewa na kutolewa haikuruhusu kubadili namba yake, na hata ule unaoruhusu, lebo mlizobandika shelfuni na karatasi za zamani hazijibadilishi zenyewe. Kitu chochote kinachoweza kubadilika kesho kisikae kwenye namba, kina sehemu yake kwenye fomu ya aitemu: shelfu iende kwenye sehemu ya mahali, mtengenezaji kwenye sehemu ya mtengenezaji, sapulaya kwake.

Ninayoipendekeza mimi ni namba fupi isiyo na maana yoyote, herufi moja au mbili halafu tarakimu tano zinazofuatana, zote urefu uleule, kama `SP10047`. Inayofuata ni `SP10048` hata kama ni mkanda wa mashine na sio beringi. Najua wapo wanaotaka herufi za mbele zionyeshe kundi, BE kwa beringi, MK kwa mikanda, na sigombani nao ikiwa makundi ni machache na hayabadiliki, ila wajue siku mtu akiweka aitemu kwenye kundi lisilo lake, namba itabaki hivyohivyo na itabidi mvumilie.

Kwa nini herufi mbele na kwa nini ianzie 10001 na sio 00001? Sababu ni Excel, maana mwisho wa siku data zote zinapita huko. Ukiandika `00451` Excel inaisoma kama namba na kukupa 451, sifuri zimekwenda, ukirudisha faili kwenye mfumo inakataa kuitambua au mbaya zaidi inafungua aitemu mpya. Ukiandika `3-12` inageuka tarehe. Ukiandika `12E4` inakuwa 120000 iliyoandikwa kisayansi. `SP10047` haiguswi. Na ukishaamua herufi, kaa mbali na O na I, zinafanana na sifuri na moja, hasa kwenye lebo iliyopakwa grisi. Mkwaju, nafasi, nyota na alama za nukuu nazo usiweke kwenye namba, zinasumbua kwenye kutafuta na kwenye kupakia faili.

Haya, kama namba haisemi kitu, kazi yote ya kutafuta inaangukia kwenye jina, na hapa ndo pa kutumia muda wako. Jina liwe na mpangilio mmoja kwa kundi zima, kwanza kitu chenyewe, halafu aina, halafu namba ya kiwango, halafu sifa zinazotofautisha, mwisho vipimo. Kwa beringi mpangilio wangu ni huu:

```
BERINGI GOLOLI 6204 2RS 20X47X14MM
BERINGI GOLOLI 6204 2RS C3 20X47X14MM
BERINGI GOLOLI 6204 ZZ 20X47X14MM
```

Angalia mambo mawili matatu hapo. Kitu kimeanza, kwa hiyo ukipanga orodha kwa alfabeti beringi zote zinakaa pamoja, na hakuna neno kama "mpya" au "original" au "ya pampu" mbele yake (ya pampu ipi? hiyohiyo inaingia kwenye mota ya feni). Vipimo vimeandikwa kwa X ya kawaida bila nafasi katikati, kwa sababu 20X47X14 na 20 x 47 x 14 kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti. Kipimo cha inchi andika IN, usitumie ile alama ya vijiti viwili juu, inaharibu faili za CSV vibaya sana. Na urefu, kwenye SAP maelezo mafupi ya aitemu mwisho ni herufi 40, hilo jina refu zaidi hapo juu ni 37 pamoja na nafasi, kwa hiyo linaingia. Kama mfumo wako unakata mapema zaidi, basi angalau kinachokatwa ni vipimo vya mwisho na sio namba 6204.

Chagueni pia kama ni BERINGI au BEARING, mkishachagua ndo hiyohiyo kila mahali, neno lingine na vifupisho kama BRG viweke kwenye sehemu ya maneno ya kutafutia kama mfumo unayo.

Ile 2RS niliyotumia ni alama ya ndani ya stoo yenu kumaanisha sili mbili za mpira, bila kujali mtengenezaji. Zile alama za watengenezaji, DDU, LLU, 2RSH, hazitupwi, zinaandikwa kwenye jedwali la namba za mtengenezaji chini ya `SP10047`, ili fundi akija na boksi la NSK ukiandika 6204DDU ikupeleke kwenye aitemu ileile. Kama mfumo wako hauna jedwali hilo, zipachike kwenye maelezo marefu, mradi utafutaji unafika huko.

Lakini usiunganishe kwa pupa. ZZ ni ngao za bati, sio mpira, haizuii maji na vumbi laini kama sili, hiyo iwe na namba yake. C3 nayo inamaanisha uwazi wa ndani ni mkubwa kuliko kawaida, inawekwa sana kwenye mota zinazopata joto kwa sababu chuma kinatanuka, ukimpa fundi ya kawaida badala ya C3 inaweza kubana na kuungua. Kwa macho zinafanana kabisa, tofauti ipo kwenye maandishi tu. Na kama wewe ni muuzaji wa duka, sio kiwanda, basi chapa nayo inatenganisha namba, maana huwezi kuuza ya bei kubwa na ya bei poa kwenye namba moja halafu utegemee gharama ya wastani ikwambie ukweli wa faida. Hapo chapa inakaa mwisho wa jina.

Kusafisha zilizopo: toa orodha yote kwenda Excel, ongeza kolamu inayoondoa nafasi na vistari, halafu hesabu zinazojirudia.

```
=UPPER(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),"-",""),"/",""))
=COUNTIF(D:D,D2)
```

Kama majina yapo kolamu B, ya kwanza iweke D2, ya pili E2, uziburuze chini, chochote kinachozidi 1 kichunguze. Hii itakamata "6204-2RS" na "6204 2RS" ila haiwezi kujua kwamba DDU na LLU ni kitu kimoja, hapo chuja kwa 6204 peke yake, kaa na fundi wa mitambo mezani mpite mstari kwa mstari. Ukipata pacha, chagua moja ibaki, kwa kawaida ile yenye historia ndefu zaidi. Kwanza funga oda zilizo wazi kwenye ile nyingine, ndo uhamishe salio, usijumlishe viwango vya chini kibubusa bali weka kimoja kipya, halafu ile ya zamani izime tu, usiifute, ripoti za mwaka jana bado zinaihitaji.

Baada ya hapo mtu mmoja tu ndo afungue aitemu mpya, na mbadala wake akiwa likizo. Wengine wote wanaomba, na ombi la WhatsApp linatosha kabisa ila liwe na picha mbili, ya boksi na ya maandishi yaliyochongwa kwenye beringi yenyewe, maana boksi na kilichomo ndani siku hizi havielewani kila mara. Anayefungua atafute kwanza kwa namba tupu, 6204, bila neno lolote, ndo aamue.

Na kama maandishi yamefutika kabisa kwa kutu, fundi apime kwa venia tundu, nje na upana, akutumie 20, 47, 14. Unaandika 20X47X14, zinatoka zote zenye umbo hilo, mnabaki kuulizana kama ni ya mpira au ya bati. Ikitoka kwenye mota na kibao chake bado kinasomeka, muombe akipige picha, mara nyingi namba za beringi zimeandikwa hapo, na C3 kama ipo.