Nianzie wapi kwa intavyuu ya kazi wakisema "tuambie kuhusu wewe"?

"Huwa naanza na shule ya msingi, wananikatiza kabla nifike kwa kazi. Nianzie wapi?"

Sasa ndugu. Anza na kazi unayofanya saa hii, shule waachie sivii. Mimi hapa Kisumu nilianza na kuzaliwa Bondo nikapanda darasa kwa darasa, kufika fom tuu mwenyekiti wa paneli ashaanza kufunua makaratasi ya mwenye anafuata.

Intavyuu ya pili, ya stoo, nikasema: "Mimi ni karani wa stoo, miaka mitatu kwa duka la vifaa vya ujenzi, napokea mzigo na kuhesabu stoki." Hiyo ni sekunde 15 hivi. Halafu kisa kimoja tu, hapo ndio ukae karibu dakika nzima: saruji ilikuwa haitoshani na vitabu, nikaanza kuhesabu kila jioni badala ya mwisho wa mwezi, ndio tukaona mifuko inatoka bila risiti. Mwisho sentensi moja ya kwa nini unataka hii kazi yao, kisha unyamaze, hata wakikutazama tu.

Jirekodi na simu. Ikipita dakika moja na nusu usiongeze spidi, punguza kisa.