Yogati kwenye friza: mbegu hupona, ulaini haurudi

Ninatengeneza yogati nyumbani, hapa Moshi, lita mbili kila wiki, na mbegu ya kila mkupuo ni vijiko vichache nilivyobakiza kutoka mkupuo uliotangulia. Utaratibu huo huenda vizuri mpaka siku unaposafiri. Mwaka jana nilitakiwa kukaa Tanga kwa wiki sita, na nilijua kwamba mbegu iliyoachwa kwenye friji kwa muda huo ingezidi kuwa chachu na bakteria wake wengi wangekuwa wamekufa nitakaporudi. Kwa hiyo, jioni ya kuamkia safari, niliweka friza vitu viwili vilivyotoka sufuria moja: bakuli la nusu lita la yogati ya kula, na trei la barafu lililojaa yogati hiyo hiyo kwa ajili ya mbegu.

Hapa kuna neno la kuangalia. Tunasema maziwa yameganda yanapokuwa mgando, na tunasema pia maji yameganda yanapokuwa barafu, ilhali mambo haya mawili hayaelewani hata kidogo. Yogati huganda kwa sababu uchachu unaotengenezwa na bakteria huzifanya protini za maziwa zishikane na kuwa kama wavu mwembamba, na maji yote hubaki yamenaswa ndani ya matundu ya wavu huo. Baridi ya friza hugeuza maji hayo kuwa chembe za barafu, chembe hizo hukua na kuusukuma wavu, zikiukata mahali pengine na kuukandamiza mahali pengine. Barafu inapoyeyuka, wavu haujirudishi, na maji hayana tena kitu cha kuyashika.

Hivyo ndivyo nilivyolikuta lile bakuli. Baada ya kuliyeyusha ndani ya friji kwa usiku mzima, juu kulikuwa na maji ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, yapata robo ya bakuli, na chini yake kulikuwa na yogati yenye chengachenga, mfano wa uji wa semolina ambao haukukorogwa vizuri. Harufu na ladha vilikuwa salama kabisa. Niliikoroga kwa mchapo, maji yakachanganyika na mwonekano ukawa wa kuridhisha, lakini baada ya saa moja hivi maji yalikuwa yamejitenga tena. Anayetarajia kuiyeyusha yogati na kuila kwa kijiko kama ilivyokuwa siku ya kwanza atavunjika moyo; lakini kwa kulowekea kuku kabla ya kuchoma, kukandia unga wa maandazi au kusagia pamoja na ndizi au parachichi kwenye blenda, hakuna atakayegundua tofauti. Yogati iliyochujwa kwanza kwenye kitambaa safi mpaka ikawa nzito haiharibiki sana, kwa kuwa maji ya kugeuka barafu ni machache, na iliyotiwa sukari nayo huwa laini kiasi kwa sababu sukari hupunguza sehemu ya maji inayoganda.

Mbegu ni habari nyingine, kwa maana mbegu haihitaji kuwa laini bali kuwa hai. Kugandishwa hakuui bakteria wote. Huua baadhi, huwajeruhi wengine, na hubakiza wa kutosha kuanzisha kazi. Kinacholeta tofauti ni hali ya yogati unayoiweka. Mimi huchukua ile iliyoganda siku hiyo hiyo na kupoa kwenye friji, kabla haijawa chachu sana, tena huitoa katikati ya chombo kwa kijiko kilichochemshwa kabla mtu yeyote hajaanza kula. Kwa kila glasi ya yogati huchanganya kijiko kimoja kikubwa cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta, maana protini na sukari ya maziwa huwakinga bakteria dhidi ya madhara ya barafu. Kisha hujaza trei, kila kitundu kikichukua vijiko viwili vikubwa, na hulisukuma hadi nyuma kabisa ya friza ambako baridi ni kali. Vipande vidogo huganda upesi, na barafu inayoganda upesi huwa na chembe ndogo zisizoumiza sana. Vikishakuwa vigumu huvihamishia kwenye mfuko, hutoa hewa, na huandika tarehe na neno «yogati». Neno hilo si la urembo: mbegu ya mtindi wa kawaida, ambao bakteria wake hufanya kazi katika joto la chumba, hufanana nayo kwa macho, na ukiitumia katika joto la yogati utapata maziwa yaliyolala tu.

Niliporudi nilitoa vipande viwili kwa ajili ya lita moja ya maziwa. Kwa mbegu mbichi huwa natumia vijiko viwili tu, kwa hiyo hapo nilikuwa nimeongeza maradufu ili kufidia waliokufa. Vipande vililala ndani ya friji mpaka vikayeyuka. Usivitumbukize vikiwa barafu: vipande viwili vya ukubwa huo vinaweza kuteremsha lita ya maziwa kutoka nyuzi 45 hadi kama 38, na kazi itaanza kwa kusuasua. Nilichemsha maziwa, nikayaacha yapoe hadi nyuzi 44, nikaikoroga mbegu na maziwa kidogo mpaka chenga zikaisha, nikachanganya yote na kuyaweka ndani ya hotipoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto na kufungwa kwa blanketi. Kwa kawaida yogati yangu hukamata kwa saa tano au sita. Safari hii ilichukua karibu saa tisa. Ilikuwa laini, bila chenga yoyote, kwa sababu wavu wake ulikuwa mpya, wa maziwa mapya. Ila uchachu wake ulikuwa hafifu. Yogati huwa na bakteria wa aina mbili, wa duara na wa umbo la fimbo, na huyu wa fimbo, ambaye ndiye mwenye kuongeza ukali, havumilii baridi kama mwenzake. Mkupuo wa pili, niliouanzisha kwa vijiko vya mkupuo huo, ulirudi kwenye saa zake sita na ladha yake ya zamani.

Vipande vilivyobaki nilivipoteza kwa uzembe. Umeme ulikatika kutwa nzima, vikayeyuka ndani ya mfuko, na uliporudi vikaganda tena vikiwa bonge moja bapa. Sura hiyo peke yake ingetosha kunionya. Nilivitumia hata hivyo, na baada ya saa kumi na mbili maziwa yalikuwa bado mepesi na matamu kidogo, dalili kwamba bakteria waliobaki hawakutosha. Maziwa yaliyokaa kwenye uvuguvugu muda wote huo bila kuchachuka hayafai kusubiriwa zaidi wala kunywewa, kwa kuwa vijidudu vingine huwa vimepata nafasi, kwa hiyo niliyamwaga. Siku hizi huweka ndani ya friza kikombe kidogo cha barafu chenye sarafu juu yake. Nikikuta sarafu imezama, najua friza iliyeyuka nikiwa sipo, na vipande vya mbegu huenda moja kwa moja kwenye unga wa maandazi. Hata isipozama, sivuki miezi miwili kabla ya kutengeneza mkupuo mmoja na kujaza trei upya.