Hisa ina "mzigo" au ina "mwitikio"?

*Nasoma fedha hapa Mombasa. Mwenzangu alisoma "mzigo wa mafuta ni -0.3" katika modeli yenye visababishi vingi, akasema mafuta yanachangia asilimia 30 ya mapato ya hisa. Ni sawa? Na "mzigo" ndilo neno la "loading"?*

Si sawa, na neno lenyewe ndilo lililompoteza. Mzigo hugawanyika. Lori likitoka Kilindini na tani 30, tani 9 zaweza kuwa saruji na zilizobaki chuma, basi mtu akisikia "mzigo" anawaza fungu. Lakini fungu haliwi chini ya sifuri. Ile alama ya kutoa ingetosha kumshtua. Fungu analolitafuta hupimwa kwa R², yaani sehemu ya mabadiliko ya mapato inayoelezwa na modeli, nayo huhesabu visababishi vyote kwa pamoja.

Mimi nasema "mwitikio". Napenda kitenzi kilichozaa neno hili: ita, itika, itikia. Kauli ya kutendea inadai shamirisho, yaani hisa inaitikia nini? Katika CAPM, modeli ya mapato ya hisa ambayo William Sharpe aliiandika mwaka 1964, jibu ni moja tu: soko. Ndiyo maana watu husema "beta ya hisa", yaani mwitikio wake kwa soko, wakanyamaza, na wakaeleweka. Katika nadharia ya arbitraji ya bei, ya Stephen Ross mwaka 1976, visababishi ni kadhaa, na nadharia yenyewe haivitaji majina. Mtafiti ndiye anayevichagua. Hapo ukisema "mwitikio ni -0.3" bila kutaja kisababishi, sentensi yako ina pengo.

Chukua kampuni ya kubuni ya malori. Mwitikio wake kwa soko ni 0.9, kwa bei ya mafuta ni -0.3. Mafuta yakipanda asilimia 10 kuliko ilivyotarajiwa, na soko lisitikisike, tunatazamia hisa ishuke asilimia 3. Soko nalo likizidi matarajio kwa asilimia 2, linairudishia 1.8, kwa hiyo hasara inabaki 1.2. Maneno "na soko lisitikisike" msiyaache, kwa kuwa kila mwitikio husomwa visababishi vingine vikiwa vimetulia. Ukipima kwa soko peke yake, athari ya mafuta haipotei: sehemu inayokwenda sambamba na soko huingia ndani ya beta na kuipotosha, iliyobaki huhesabiwa kuwa kelele za kampuni.

Kwenye riba kuna mtego mwingine wa lugha. "Riba imepanda asilimia 1" yaweza kuwa kutoka 10 hadi 11, au kutoka 10 hadi 10.1. Andikeni "pointi 1 ya asilimia" mkikusudia ile ya kwanza, la sivyo mwitikio utasomwa mara kumi ya ulivyo, au moja ya kumi.

Mwambie mwenzako atazame pia kosa sanifu, kipimo cha shaka ya makadirio, lililo kando ya ile -0.3. Likiwa 0.25, sentensi ya haki ni "huenda hisa inaitikia mafuta", si "inaitikia".