Bahasha ya sheikh wa ndoa

"Sheikh anakuja kufungisha ndoa ya binti yetu. Nikimuuliza gharama anasema 'chochote'. Nimpe nini, na nimpe vipi?"

Dada, usimuulize bei. Kwa wengi wao swali hilo ni zito. Muulize hivi: "Sheikh, cheti kina ada gani, na tukutumie usafiri?" Hapo atajibu bila haya. Ada ya cheti ni fedha ya ofisi, ilipeni kando na mdai stakabadhi. Isihesabiwe kuwa ndiyo shukrani yake.

Kiasi cha shukrani mwulize katibu wa msikiti au familia iliyomwoza binti yao karibuni hapo mtaani. Anzia kwenye nauli ya kwenda na kurudi, kisha uongeze mnachoweza.

Bahasha itayarishwe tangu asubuhi, maana baada ya ijabu na kabuli watu hukimbilia pilau na sheikh huondoka kimya. Mzee mmoja wa familia amsindikize hadi mlangoni, ampe mkononi akisema: "Sheikh, hii ni nauli, utuombee dua." Mfungieni na chakula cha nyumbani kwake. Akija na wanafunzi wa madrasa, wao wapewe bahasha yao. Msimwachie yeye kazi ya kugawa.